Yeye Mwingi, wewe Kibwezi: Sauti ya kila wiki na barua ya kila mwezi zinavyolinda penzi

UKITAZAMA ramani, utadhani Kitui na Makueni si mbali. Ni kaunti jirani, na sehemu ya mpaka wao ni Mto Athi tu. Lakini mwulize kijana anayefanya kazi Kibwezi huku mpenzi wake akiwa Mwingi. Barabara ni moja, kutoka Kibwezi unavuka Athi, unapita Ikutha na Mutomo, unafika mjini Kitui, kisha unaendelea hadi Mwingi. Ni safari ya takriban kilomita 200, na mara nyingi utabadilisha matatu Kitui. Ukitoka asubuhi unafika mchana ukiwa umechoka, na kesho yake inabidi urudi kazini.

Umbali wa aina hii una ujanja wake. Aliye na mpenzi Doha au Riyadh anajua wazi kwamba hawataonana mwaka huu, kwa hivyo anajipanga. Wa Kibwezi na Mwingi wanadanganywa na ramani. Kila wiki wanaambiana "nitakuja wikendi", na kila wikendi kunazuka jambo: nauli imepanda, bosi amekataa kutoa ruhusa, kuna matanga kijijini. Ahadi ndogo zikivunjika mara nne au tano, mmoja anaanza kujiuliza kama bado anapendwa.

Njia ambayo imewasaidia wapenzi wengi wa aina hii haina gharama kubwa. Ni ujumbe mmoja wa sauti kila wiki, ile tunayoiita voisi, na barua moja ya mkono kila mwisho wa mwezi. Siri iko kwenye mgawanyo wa kazi. Sauti hubeba wiki yako, barua hubeba mambo yanayohitaji kufikiriwa na kuhifadhiwa. Ukizichanganya kazi hizo mbili, ndipo maneno yanapoanza.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Msichana ni muuguzi Mwingi na wiki nyingine huingia zamu ya usiku. Kijana anauza katika duka la vifaa vya ujenzi Kibwezi, anafunga saa mbili usiku. Hawajaoana, ila wazazi wa pande zote wanajua kuna kitu.

Kwa nini sauti, si simu?

Wawili hawa walianza kwa kupigiana simu kila usiku. Kijana akifunga duka, msichana ndiyo kwanza anaingia wodini. Msichana akitoka asubuhi, kijana anapakia mifuko ya simiti. Simu zilizopigwa zilikuwa za haraka: "Umekula? Sawa. Tutaongea." Na ukiwa kwenye sehemu ambazo mtandao unayumba, simu hukatika katikati ya sentensi, halafu kila mmoja anampigia mwenzake kwa wakati mmoja na wote wanaambiwa mteja anatumia laini.

Ujumbe wa sauti hausumbuliwi na hayo. Ukirekodi pasipo mtandao, unabaki kwenye simu yako na kuondoka mtandao ukirudi. Wa dakika tatu kwa kawaida haufikishi hata MB moja, kwa hivyo bando dogo linatosha. Na anayepokea huusikiliza akiwa ametulia, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri akisubiri kuondoka kazini.

Lakini kuna sharti: uwe na siku yake. Wawili wetu walipanga hivi: kijana anatuma Jumapili jioni, msichana anajibu kabla ya Alhamisi usiku. Siku nyingine wanachati kama kawaida, emoji na vichekesho, lakini sauti ya wiki haiguswi. Siku ikijulikana, hakuna anayekaa akijiuliza "mbona kimya?" Jumanne kimya si tatizo, maana zamu yake haijafika.

Sauti yenyewe ina nini?

Wengi wakishika kile kitufe cha kipaza sauti huanza na "Eeh, sasa... uko poa? Mimi niko tu... hakuna mpya." Dakika mbili zinaisha na hakuna kilichosemwa. Ukiwa na mambo manne kichwani, hutakwama.

La kwanza, sema uko wapi na ni saa ngapi. Hilo humweka mwenzako pale ulipo. La pili, mjibu jambo alilokuambia wiki iliyopita, kwa jina lake hasa. La tatu, simulia tukio moja tu la wiki yako, dogo lakini kamili. La nne, muulize swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa "ndio" au "poa".

Sauti ya kijana ya Jumapili inaweza kuwa hivi:

"Sasa mpenzi. Ni saa moja na nusu, nimefunga mapema leo, nimekaa nje ya duka. Hizo kelele unazosikia ni malori ya barabara ya Mombasa. Nimekuwa nikifikiria yule mgonjwa wako, yule nyanya wa kitanda cha dirishani aliyekataa kula. Alikula hatimaye? Huku wiki ilikuwa ya vituko. Alhamisi mzee mmoja amekuja kununua mabati ishirini, tukahesabu, tukafunga kwenye pikapu, akaondoka. Baada ya dakika kumi amerudi, anasema bibi yake amempigia kwamba walikubaliana rangi ya kijani na yeye amebeba nyekundu. Tumeshusha zote. Mzee akaniambia, 'Kijana, ukioa, andika rangi kwa karatasi.' Nilicheka nikakukumbuka. Sasa niambie, wiki hii ni saa gani ulichoka kabisa, na nani alikusaidia? Nangoja Alhamisi. Lala salama, mwendwa."

Maneno hayo ukiyasema polepole hayazidi dakika mbili. Lakini angalia yamefanya nini. Msichana amesikia malori, kwa hivyo kwa dakika hizo mbili alikuwa Kibwezi. Amejua kwamba habari ya nyanya wa dirishani haikuingia sikio hili na kutokea lile. Amecheka. Na ana swali la kujibu. Hilo "mwendwa" la mwisho, neno la Kikamba la mpendwa, limetosha. Hakukuwa na haja ya "nakupenda" kumi.

Jibu la Alhamisi:

"Haya, mimi huyu. Nimetoka zamu sasa hivi, natembea kwenda steji, ndiyo maana nahema. Nyanya alikula! Jumatatu, uji nusu kikombe, halafu akaniuliza nimeolewa na nani. Nikamwambia bado, akasema niharakishe kabla hajatolewa hospitalini, anataka pilau. Umeniuliza nilichoka lini. Ni Jumanne usiku, tulikuwa wawili tu wodi nzima. Saa tisa nilikaa chini nikaona siwezi kuinuka. Mwenzangu akaniletea chai bila kusema kitu, akachukua zamu ya kupima presha. Nilitaka kulia, si kwa huzuni, ni vile tu mtu amekuona. Na wewe, yule mzee wa mabati alipokuambia mambo ya kuoa, ulimjibu nini? Usinidanganye, najua kuna kitu ulisema."

Ona jinsi swali la kijana limetoa jambo ambalo "uko poa?" isingelitoa kamwe. Angeulizwa hivyo angesema "poa" na usiku wa Jumanne ungebaki kwake peke yake.

Kuhusu mashine yenyewe: kwenye WhatsApp ukishika kipaza sauti kisha ukasukuma kidole juu, rekodi inajifunga na mikono inakuwa huru. Unaweza pia kusitisha kidogo, kuendelea, na kujisikiliza kabla ya kutuma. Jisikilize mara moja tu. Ukianza kurekodi upya mara ya tano ili usikike vizuri, unageuka mtangazaji wa redio na ule uhai unapotea.

Dalili za sauti iliyopoa

Tatizo la kwanza ni mmoja kugeuka redio. Anatuma dakika nane kuhusu bosi wake, mteja wake, timu yake, na hagusi lolote la mwenzake. Jipime hivi: bila kusikiliza tena, unaweza kutaja jambo moja lililomsumbua mwenzako wiki iliyopita na jinsi lilivyoisha? Ukishindwa, wewe ndiye redio. Wiki ijayo anza na swali lake kabla ya habari zako.

La pili ni kusikiliza kwa kasi ya mara mbili. Kwa sauti za grupu la chama, sawa. Kwa sauti ya mpenzi, unakosa kituo alichovuta pumzi kabla ya kusema "niko sawa", na mara nyingi habari yenyewe iko kwenye kituo hicho.

La tatu ni kusoma alama vibaya. Kipaza sauti kidogo kwenye ujumbe wako kikigeuka bluu, ujue umechezwa. Hii hutokea hata kama mwenzako amezima tiki za bluu, kwa sababu WhatsApp haifichi alama hiyo kwa ujumbe wa sauti. Basi wengine huketi wakiitazama: "Amesikiza saa nne, mbona hajajibu?" Bluu inasema tu kwamba imechezwa. Haisemi kama alikuwa kwenye matatu, wodini, au mbele ya wateja. Siku ya kujibu ni Alhamisi, mpe hadi Alhamisi.

La nne ndilo baya zaidi: kugombana kwa sauti. Hapa ndipo barua inapoingia.

Neno la Desemba

Katika mfano wetu, mwezi wa saba msichana aliuliza kwenye sauti yake: "Na ile mambo ya ntheo, tunafikiria lini?" Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo si mzaha. Ndiyo hatua inayoifanya ndoa ya kimila kutambulika, na hadi ipelekwe, wazazi wa msichana humwona kijana kama mgeni anayepita.

Kijana alijibu Jumapili usiku baada ya kushusha lori la simiti. Alisema, "Aah, hiyo tutaona Desemba, si unajua vile mambo yako." Alichomaanisha ni kwamba anaweka akiba na Desemba atakuwa tayari. Alichosikia msichana ni sauti iliyochoka ikimsukuma kando. Akarudia kuisikiliza mara sita, na kila mara ilisikika baridi zaidi. Akatuma ya kwake yenye hasira, kijana akajibu papo hapo na yake, na kufikia saa sita usiku kulikuwa na sauti kumi na nne na hakuna aliyesikiliza ya mwenzake hadi mwisho.

Sauti hubeba hisia ya wakati ule pamoja na maneno. Uchovu, njaa, usingizi, vyote vinaingia. Kwa kisa cha mabati hilo ni tamu. Kwa tarehe, pesa, wazazi na kuomba msamaha, ni hatari. Mambo hayo yanataka karatasi, ambapo unaweza kufuta, kulala juu yake na kusoma tena asubuhi kabla ya kuituma.

Kwa hivyo ukisikia swali zito kwenye sauti, usilijibu kwa sauti. Sema tu hivi:

"Nimesikia swali lako la ntheo, na ni swali la maana. Sitaki kulijibu nikiwa nimechoka. Nakuandikia barua, utaipata kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo."

Umetambua swali, umetoa sababu, umetoa siku. Hapo mtu anaweza kungoja.

Barua ya kurasa mbili

Wengi wetu tukisikia barua tunakumbuka insha ya barua ya kirafiki: "Ama baada ya salamu, ni matumaini yangu kuwa u buheri wa afya kama nilivyo mimi." Hiyo achia mwalimu. Barua ya mpenzi inaanza pale sauti ilipoishia. Isizidi kurasa mbili, na iwe na jambo moja kubwa. Ukitia matatu, atajibu moja na mawili yatakuumiza roho.

Andika kwanza ulichofanya au kusema, halafu ulichomaanisha, halafu mpango wenye tarehe na hesabu, mwishoni swali. Ya kijana ilikuwa hivi:

"Mwendwa wangu,

Nimekuandikia kwa mkono ili usisikie uchovu wangu, usome maneno tu.

Jumapili ulipouliza kuhusu ntheo nilisema 'tutaona Desemba'. Ni maneno ya mtu anayekwepa, na naelewa yalivyokuuma. Naomba msamaha kwa jinsi nilivyosema.

Ukweli ni huu. Tangu Februari naweka shilingi 3,000 kila mwezi kwa ajili ya jambo hili. Sikukuambia kwa sababu nilitaka iwe sapraizi. Kufikia mwisho wa Novemba zitakuwa 30,000. Baba amesema yeye na ami watachangia mbuzi, lakini anataka kwanza kujua kwenu wanapendelea siku gani. Mimi nawaza Jumamosi ya pili ya Desemba, kabla watu hawajajaa kwa sababu ya Krismasi na nauli haijapanda.

Kuna jambo linaloniogopesha pia. Sijui tutaishi wapi baada ya hapo. Kazi yako iko Mwingi na yangu iko huku. Sina jibu, na sitaki kujifanya ninalo. Hilo tuliongee tukiwa pamoja, uso kwa uso, nikija mwezi wa nane.

Swali langu ni moja: Jumamosi hiyo ya Desemba inakufaa wewe na mwaitu, au kuna siku bora?

Wako, na yule mzee wa mabati anakusalimu."

Tazama alivyosema "kwa jinsi nilivyosema". Hakuandika "samahani kama ulikasirika", ambayo humtupia mwenzako kosa. Ametaja hesabu ambayo mtu anaweza kuikagua. Na swali la makazi ameliweka kando kwa wazi, bila kulificha, kwa sababu karatasi haiwezi kumaliza kila kitu.

Jibu la msichana lilikuwa fupi, nusu ukurasa:

"Nimesoma barua yako mara mbili kwenye chumba cha kubadilisha nguo. Ya kwanza nilikuwa bado nimekasirika. Ya pili nimeona 3,000 za Februari nikakumbuka ule mwezi ulikataa kununua viatu. Nimekuelewa. Mwaitu anasema Jumamosi ya pili ni sawa, ila wajomba wajulishwe kufikia Oktoba. Hiyo ya kuishi wapi, mimi pia inanikosesha usingizi. Njoo mwezi wa nane tuikabili. Na usinifichie tena akiba, hata ya sapraizi."

Itafikaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni posta. Andika jina lake kamili, sanduku la posta la kazini kwake au la nyumbani, na msimbo sahihi: Mwingi ni 90400, mji wa Kitui 90200, Mutomo 90201, Kibwezi 90137, Makindu 90138, na Makueni 90300. Msimbo ukikosewa barua inaweza kuzunguka. Kama unatumia sanduku la ofisi au shule, jua kwamba bahasha itapita mikononi mwa karani, kwa hivyo ifunge vizuri na uandike "Binafsi" juu.

Ya pili ni matatu, na wengi ndiyo huitumia. Peleka bahasha kwenye ofisi ya sako stejini, andika jina na nambari ya simu ya mpokeaji, lipa, kisha chukua risiti pamoja na nambari ya gari. Kutoka Kibwezi hadi Mwingi, uliza mapema kama itabadilishwa Kitui na nani ataipokea hapo. Usitie pesa wala kitambulisho ndani. Mwambie mwenzako imeondoka na gari gani, halafu usimwambie yaliyomo. Barua ikisimuliwa kwa simu kabla haijafika, imekwisha utamu.

Ukishapokea, ihifadhi. Sauti huzama chini ya chati, na simu ikiibwa kabla hujaweka nakala, zinapotea zote. Barua inakaa kwenye sanduku la viatu chini ya kitanda, na siku mkibishana ni nani alisema Desemba, mnaifungua.

Isipofanya kazi

Mpango huu hudumisha moto uliopo, hauwashi uliozimika. Kama zamu mbili mfululizo zimepita, sauti zako zimechezwa na hakuna jibu, usitume ya tatu ya kubembeleza. Tuma sauti moja fupi, bila kelele nyuma:

"Wiki mbili sijapata sauti yako. Kama ni kazi au kuna tatizo, niambie, tutabadilisha siku. Kama ni kwamba hutaki tena, hilo pia niambie wazi, nitaumia lakini nitaelewa. Nangoja hadi Jumapili."

Kisha ngoja kweli hadi Jumapili. Jibu likija, mnapanga siku mpya, labda kila wiki mbili kwa mwezi wenye zamu nyingi. Lisipokuja, huo ukimya ndio jibu lake, na nauli ya kwenda Mwingi kumuuliza mlangoni itakurudisha Kibwezi na habari ileile.